Mpira peke yake haumfunzi mtoto adabu

Wazazi wengi wanaomleta mtoto mazoezini huniambia, "Kocha, mnyooshe, nyumbani katushinda." Nafundisha watoto wa chini ya miaka 14, na jibu langu ni lile lile: mpira humfunza mtoto kile ambacho kocha anakisifu.

Chukua suala la vijeba. Niliwahi kuona timu ya mtaani ikiingiza kijana mwenye ndevu kwenye mechi ya watoto. Kabla ya kuingia uwanjani kocha aliwakalisha wachezaji wake, akawakaririsha mwaka wa kuzaliwa ambao mwenzao angeutaja akiulizwa. Walishinda. Nidhamu, mshikamano, kujituma, vyote vilikuwepo, ila vilitumika kulinda uongo. Mambo haya hayaishii mtaani: mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, walienguliwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri.

Tafiti nazo zinatuonya. Huko Norwei, Endresen na Olweus waliwafuatilia wavulana wa miaka 11 hadi 13, wakakuta walioshiriki michezo ya nguvu kama ndondi, mieleka na kunyanyua vyuma waliongeza ukorofi hata nje ya mazoezi. Na tukisema wanamichezo wana nidhamu kuliko wenzao, tukumbuke kwamba asiye na nidhamu mara nyingi ameshaachwa benchi au ameacha mwenyewe. Huenda waliobaki walikuja nayo kutoka nyumbani.

Upande wa pili, Smith na Smoll wa Marekani walitoa semina fupi kwa makocha wa besiboli ya watoto: sifu juhudi, anayekosea mtie moyo kisha mwelekeze, acha kufoka. Msimu uliofuata, kwenye timu za makocha waliofundwa, watoto walioacha mchezo walikuwa asilimia 5, kwenye timu za makocha wengine asilimia 26. Makocha walikuwa wachache, na kubaki kwenye timu siyo sawa na kuwa mwaminifu, lakini unaona jinsi ulimi wa kocha unavyofanya kazi.

Mfano ninaoupenda ni MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanza 1987. Timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, na mwamuzi ana kadi ya kijani kwa mchezaji muungwana. Hapo wema umeingizwa kwenye msimamo wa ligi, mtoto anaupigania kama bao.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumwandikisha mwanao, nenda kaangalie mechi moja. Usihangaike na matokeo. Msikilize kocha pale mchezaji wake anapojiangusha kwenye boksi na mwamuzi akadanganyika akatoa penalti. Akimpigia makofi, mtafutie mwanao timu nyingine. Na mkirudi nyumbani, swali la "mmefunga ngapi?" lisiwe la kwanza.