Maswali yenu: vijana tuko wengi, mbona hela haionekani?

Kila mkutano nasikia vijana wengi ni mtaji, eti kuna "gawio la idadi ya watu". Hilo gawio linagawiwa wapi? Huku Mbagala sijaona hata mia.

Kaka, hakuna dirisha la kwenda kulichukua, ni hesabu tu. Chukua kijiji cha watu 100. Wenye umri wa kazi, yaani miaka 15 mpaka 64, wako 50, waliobaki ni watoto na wazee wanaolishwa. Kati ya hao 50, watu 40 wana kazi na kila mmoja anaingiza elfu 10 kwa siku, jumla laki 4, ukigawa kwa vichwa vyote kila mtu anapata elfu 4. Sasa ruka miaka 25 mbele, wamama wamepunguza kuzaa, watoto wa zamani wamekuwa watu wazima, na tuseme kijiji bado kina watu 100 ila wenye umri wa kazi ni 65. Kama 52 kati yao wamepata kazi ya kipato kilekile, jumla ni laki 5 na elfu 20, kila kichwa 5,200. Kipato kimepanda asilimia 30 na hakuna aliyeongeza bidii wala kununua mashine mpya, ni kwamba tu sahani za kulishwa zimepungua na mikono imeongezeka. Hilo ndo gawio.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo ila kazi zimebaki zilezile 40. Kila kichwa ni elfu 4, palepale tulipoanza, tofauti ni kwamba mwanzo walikuwa wamekaa watu 10 na sasa wamekaa 25. Huko Mbagala sahani bado hazijapungua, ila unachokiona kinafanana na hii hesabu ya pili, mikono mingi kuliko kazi.

Wataalamu wetu hawachoki kuitaja Korea Kusini. Wale walifanya nini hasa, au ni stori tu?

Sio stori, ila inasimuliwaga nusu. Mwaka 1960 mama wa Korea alikuwa anazaa wastani wa watoto 6 hivi. Mwaka 1962 serikali ikaanzisha mpango wa uzazi wa mpango, wahudumu wakawa wanapita mpaka vijijini, na kufika katikati ya miaka ya 80 wastani ulishashuka chini ya watoto 2. Nusu hiyo ndo tunayoipenda, maana ni rahisi kuiandikia semina.

Nusu ya pili ni viwanda. Wakati ule mzigo wa watoto unapungua, mabinti kutoka mashambani walikuwa wanaingia Seoul na miji mingine kushona nguo, kutengeneza viatu, hata kusuka mawigi. Mwaka 1964 mauzo yao ya nje yalikuwa kama dola milioni 100, mwaka 1977 yakafika bilioni 10. Angalia aina ya kazi zenyewe: wigi halitaki digrii, linataka vidole vingi vyenye haraka, na vidole ndo kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi. Halafu mnunuzi wa hilo wigi yuko Amerika, kwa hiyo kiwanda kikiongeza wasichana 200 hakimnyang'anyi kazi jirani yake, soko ni kubwa kuliko mifuko ya mtaani kwao. Wachumi Bloom na Williamson walikuja kukokotoa mwaka 1998 wakasema mpaka theluthi moja ya ule ukuaji wa ajabu wa Asia Mashariki ilitokana na mabadiliko ya umri wa watu. Sehemu iliyobaki, theluthi mbili au zaidi, ilitoka kwingine.

Na tusiwapambe sana, hizo kazi zilikuwa za mateso. Novemba 1970 kijana fundi cherehani, Chon Tae-il, alijichoma moto Seoul akidai sheria ya kazi ifuatwe. Alikuwa na miaka 22.

Serikali inasema ukosefu wa ajira ni asilimia ndogo tu, lakini hapa Kisumu kila kijana nimjuaye hana kazi. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya dada, ni kipimo. Kwa kawaida ya takwimu ukifanya kazi ya malipo hata saa moja tu ndani ya wiki unahesabiwa umeajiriwa. Na huku kwetu nani ana uwezo wa kukaa bure? Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa hana posho ya kukosa kazi, kwa hiyo anaingia kwenye boda.

Hebu nenda steji yoyote. Juzi walikuwa waendeshaji 10 wanagawana abiria 100 kwa siku, leo wako 20 na abiria bado ni walewale 100 kwa sababu mtaa haujaongezewa pesa. Kila mmoja amebaki na abiria 5. Kwenye karatasi ajira zimeongezeka mara mbili, kwenye sufuria hakuna kilichoongezeka! Kenya mwaka 2023 takwimu rasmi zilionyesha ajira mpya kama 848,000, na karibu 720,000 ya hizo ni za jua kali. Kwa hiyo ukitaka kujua gawio linakuja au la, usiulize wangapi wanafanya kazi, uliza mmoja anapeleka ngapi nyumbani ukilinganisha na miaka mitano nyuma.

Si dawa ni vijana wasome tu, kazi zitajileta?

Waulize Tunisia. Wao walifanya kila kitu tunachoambiwa tufanye: walianza uzazi wa mpango miaka ya 60, uzazi ukashuka kutoka watoto kama 7 mpaka kama 2 kufika mwaka 2000, vyuo vikuu vikajaa. Lakini kazi zilizokuwa zinaongezeka zilikuwa za kushona nguo na kuunganisha nyaya, za mtu asiyehitaji digrii, na biashara zenye faida nono zilikuwa zimewekewa vibali na uzio kwa ajili ya ndugu wa rais Ben Ali. Benki ya Dunia ilikuja kukuta makampuni 220 ya ukoo huo yalikuwa yanachota asilimia 21 ya faida yote ya sekta binafsi. Ukiwa na wazo na digrii yako unaingilia wapi hapo? Desemba 2010 muuza matunda wa Sidi Bouzid, Mohamed Bouazizi, akajichoma moto baada ya kunyang'anywa bidhaa, maandamano yakaenea, na mwezi uliofuata rais akakimbia nchi. Uzazi ulikuwa umeshuka na shule zilikuwepo, mlango wa kuanzisha kazi ndo ulifungwa.

Kwa hiyo Tanzania tumeshaingia kwenye gawio au bado?

Bado. Wengi wanachanganya vijana wengi na gawio. Tafiti za afya za 2022 zilikuta mama wa Kitanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, Kenya 3.4, na zaidi ya watu 40 kwa kila 100 Tanzania wako chini ya miaka 15. Yaani sahani bado ni nyingi. Nafasi ya hilo gawio itafunguka uzazi ukishuka zaidi, na ikifunguka haikai milele, Korea yenyewe mwaka 2023 ilikuwa imefika wastani wa watoto 0.72 kwa kila mama na sasa kilio chao ni wazee.

Na hawa wanaoenda Uarabuni?

Wanasaidia kweli, Kenya ilipokea karibu dola bilioni 5 zilizotumwa na Wakenya walioko nchi zote za nje mwaka 2024. Ila mtoto umemlea na kumsomesha wewe miaka 20, na ile miaka yake ya nguvu inajenga Riyadh, kwako inarudi ile sehemu aliyobakiza baada ya kula na kulipa deni la wakala.