Utafiti, uundaji, na neno "zote"

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tumeunda wenyewe mfumo wa kompyuta wa kufuatilia makontena, nami natakiwa kuwaeleza wenye hisa kwa Kiswahili fedha zilikokwenda. Nimeandika: 'Gharama zote za utafiti na uundaji wa mfumo zimeingizwa kwenye mali.' Mkurugenzi anasema utafiti na uundaji ni mamoja, nifute neno moja. Lipi libaki?"

Marahaba, dada yangu. Yabaki yote mawili. La kufutwa ni "zote".

Katika mazungumzo mtu anaweza kusema anafanyia utafiti mfumo wake huku tayari anauunda, na akaeleweka. Katika hesabu za kampuni, maneno haya mawili yana mpaka baina yao. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 38, kinachohusu mali zisizoshikika, kinaita utafiti ile hatua ya kutafuta maarifa na kupima njia mbalimbali kabla hujajua ipi itafaa. Fedha za hatua hiyo ni gharama ya mwaka zilipotumika, hata utafiti ukizaa matunda. Uundaji ni kuyatumia maarifa hayo kutengeneza kitu mahususi, na hapo ndipo fedha zinapoweza kuwa mali.

Zinaweza, kwa masharti. Kampuni ionyeshe kwamba mfumo unawezekana kiufundi, kwamba imekusudia kuumaliza na itaweza kuutumia, kwamba ina fedha na watu wa kuumalizia, kwamba gharama zake zinapimika kwa uhakika, na jinsi utakavyoleta faida. Kwa mfumo wa matumizi ya ndani kama wenu, faida ni ule msaada wake kazini. Masharti yote yatimie, si baadhi. Hapa pia chunga kitenzi: ripoti ikisema "tunatumai mfumo utakamilika", mkaguzi wa hesabu ataona sharti halijatimia. Andika "tumeonyesha", kisha uweke ushahidi: majaribio yaliyofaulu, bajeti iliyopitishwa na bodi, daftari la saa za waunda programu.

Tuchukue mfano. Tuseme Januari hadi Machi mlilinganisha njia tofauti za kusoma taarifa za makontena ya bandari ya Kilindini, mkatumia shilingi 900,000. Tarehe 1 Aprili masharti yote yakawa yametimia. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Agosti mishahara ya waunda programu ikafika 2,400,000. Mkatumia pia 300,000 kuwafundisha makarani mfumo huo, na sehemu ya gharama za jumla za uongozi ikahesabiwa 200,000. Jumla ni 3,800,000, lakini inayoingia kwenye mali ni ile 2,400,000 peke yake. Mafunzo ya wafanyakazi hayaingii, wala gharama za uongozi zisizohusika moja kwa moja na uundaji. Na zile 900,000 hazirudi nyuma kuwa mali kwa sababu mfumo umefaulu. Kilichokwisha kuandikwa gharama hubaki gharama.

Sasa tazama rai ya mkurugenzi inakofikia. Kiwango hicho kinasema kampuni isipoweza kutenganisha hatua ya utafiti na ya uundaji, fedha zote zihesabiwe kama za utafiti. Basi akisema mbele ya mkaguzi kwamba ni mamoja, hata zile 2,400,000 zitatoka kwenye mali na kupunguza faida ya mwaka. Mweleze kwa upole, lakini mweleze kabla ya mkutano.

Neno jingine la kuangalia ni "kutumika". Wengi huandika kwamba thamani ya mfumo huanza kupunguzwa "ulipoanza kutumika". Sahihi ni "ulipokuwa tayari kutumika". Mfumo ukiwa tayari tarehe 1 Septemba na makarani wakaugusa Novemba, hesabu ni ya Septemba. Mkikadiria utawafaa kwa miaka 4, 2,400,000 hugawanywa kuwa 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Hadi mwisho wa Desemba ni miezi minne, 200,000, na kwenye mizania inabaki 2,200,000.

Kwa hiyo, ukitia tarakimu zako mwenyewe, ningeandika hivi:

"Kati ya shilingi 3,800,000 zilizotumika kwa mfumo, 2,400,000 za uundaji, kuanzia tarehe masharti yalipotimia, zimeingizwa kwenye mali zisizoshikika. Shilingi 1,400,000 za utafiti, mafunzo na uongozi zimehesabiwa kuwa gharama za mwaka. Thamani ya mfumo imeanza kupunguzwa Septemba, ulipokuwa tayari kutumika."