"Wako mtiifu" au "Wasalaam"?

"Namwandikia afisa utumishi nisiyemjua kuomba kazi, nimalizie vipi?"

"Wako mtiifu", kisha sahihi na jina kamili. "Wasalaam" ni ya ndugu na marafiki. Nimepokea barua masijala miaka mingi hapa Tanzania: mwanzo ni "Ndugu" au cheo chake, halafu "YAH:". Anayesema uanze na shikamoo yuko sahihi ukiingia ofisini kwake, akiwa amekuzidi umri, lakini kwenye karatasi haiingii. Mwenzangu wa meza ya jirani namwandikia tu "Habari za tangu jana, lile faili limerudi?" na jina langu moja, nikimwekea "Wako mtiifu" atauliza amenikosea nini. Kwenye baruapepe wengine huandika "Wako" peke yake, ofisi bado hazijakubaliana.