Kuzungusha, kunyoosha na zile kabari nyeupe

*"Shikamoo, mwalimu. Napiga picha za harusi na kipaimara hapa Mtwara mjini. Mteja aliniambia 'izungushe hii', nikaizungusha ikalala ubavu, akacheka. Kumbe alitaka bahari ikae sawa. Nilipoiweka sawa zikabaki pembe nyeupe, na sikujua hata niziiteje. Tuseme kuzungusha au kunyoosha? Na kuziondoa hizo pembe ni kukata au kupunguza?"*

Marahaba. Mteja wako hakuvunja Kiswahili, ila alikupa neno pana kuliko kazi yenyewe. Kuzunguka kunaweza kuwa kidogo tu au duara zima, lakini kwenye picha ni afadhali tuliachie "kuzungusha" lile geuzo la robo duara, la picha iliyolala ubavu. Hapo kila pikseli inahamia kiti kipya na hakuna kinachopotea. Kunyoosha ni jambo jingine. Ukigeuza kwa digrii 3, pikseli za zamani hazikai tena sawasawa juu ya zile mpya, hivyo programu hukadiria rangi upya, na picha iliyoinama haiwezi kuujaza mstatili uliosimama. Weupe unatoka hapo. Ukikosea kipimo, rudi kwenye picha ya asili. Ukinyoosha juu ya iliyonyooshwa, unakadiria makadirio, na picha inafifia.

Weupe huo mimi ningeuita kabari. "Pembe" ina kazi nyingi mno: ni kona, ni kipimo cha digrii, ni ya ng'ombe. Kabari kila aliyepasua kuni anaijua, nene huku, kule imechongoka, na umbo la kile unachokiona ndilo hilo hasa. Chukua picha yenye upana wa pikseli 6000 na kimo 4000, ukiinyoosha kwa digrii 3. Kabari ya juu ina kichwa cha pikseli 314 upande mmoja, halafu inasinyaa hadi sifuri upande wa pili. Ya chini ni pacha wake, na pembeni zipo mbili fupi zenye kichwa cha kama 209.

Kuziondoa ni kukata. Ukimwambia mteja "nitaipunguza", ataelewa kwamba utamtumia picha nyepesi ya kwenye simu. Vijana wanasema "kukropu", nami sina ugomvi nao.

Sasa utakata wapi? Kama picha itachapwa kwa inchi 6 kwa 4, uwiano lazima ubaki uleule, na fremu kubwa inayokwepa kabari zote ni 5570 kwa 3714. Umepoteza kama asilimia 14 ya picha. Ukiacha uwiano huo, unaweza kupata 5814 kwa 3701, yaani picha zaidi, lakini haitalingana na karatasi, na mchapaji ataikata tena mwenyewe, pengine katika kichwa cha bibi harusi.

Wengi hawajui kwamba ile fremu ya 5570 haifungwi katikati. Inagusa ukingo wa juu na wa chini, lakini kushoto na kulia ina nafasi. Unaweza kuitelezesha kufuata mteremko wa ukingo wa juu kama pikseli 120 kila upande bila kabari kuingia. Mara nyingi hiyo inatosha kumwokoa shangazi aliyesimama mwisho wa mstari. Ukimaliza, kagua kona nne kwa kuzikuza, na uweke nyuma ya picha rangi nyeusi: kabari nyeupe kwenye anga jeupe la mchana haionekani mpaka karatasi itoke.

Limebaki la kunyoosha kwa kufuata nini, na hapa mafundi uashi wametutangulia kwa maneno mawili: pimamaji kwa mlalo, timazi kwa wima. Ukiwa Shangani, bahari wazi inakupa upeo wa macho, na huo ni pimamaji halali. Ukiwa kivukoni Lindi ukielekea Kitunda, unachokiona ng'ambo ni ufuo, na ufuo unaokwenda mbali nawe kimshazari utaonekana umeinama hata kamera ikiwa sawa kabisa. Niliwahi kunyoosha picha kwa kufuata ufuo ule, nguzo zote zikaegemea kama zimelewa. Pale tumia timazi: tafuta nguzo au kona ya ukuta iliyo karibu na katikati ya picha. Ile ya pembeni usiiamini, maana ukiinua kamera kidogo, kuta za pembeni huinamiana kuelekea ndani, na hakuna kunyoosha kunakoziponya zote mbili. Ukiinyoosha ya kushoto, ya kulia inazidi kuanguka.

Kwenye risiti mwandikie mteja hivi: "kunyoosha na kukata kabari". Akiuliza kabari ni nini, muoneshe picha kabla hujaikata.