Usichomelee antena kwa digrii 284, mpigie fundi sasa hivi

"Wakuu, nafunga antena ya redio aina ya Yagi, ya vijiti vitatu, megahezi 14, juu ya paa huku Kisauni ielekee Los Angeles. Haina mota ya kuizungusha. Kwa ramani ya ukutani na protrakta nimepata digrii 284, na fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi. Niko sawa? Halafu mbona ndege ya Nairobi kwenda New York kwenye skrini inachora upinde, inakwepa nini?"

Mwambie fundi asije. Salamu tutapeana baadaye.

Hiyo 284 naijua vizuri. Niliipata mimi pia, kwa ramani kama yako na protrakta ya mtoto, nikaichomelea juu ya paa langu Likoni kwa chuma cha kufungia meli. Aliyenishauri ni mzee mmoja aliyejiita bingwa wa antena. Aliweka rula juu ya ramani, akapiga mstari kutoka Mombasa hadi Los Angeles, akasema mstari ulionyoka ndio njia fupi na hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Akanywa kahawa yangu, akachukua pesa yake, akaenda.

Jioni nikawasha redio. California kimya. Waliojaa ni watu wa Karibi na Amerika ya Kati, Kihispania mwanzo mwisho. Nikamuuliza mzee, akasema hewa imeharibika, nivute subira. Nikavuta. Hewa ilikaa imeharibika muda mrefu wallahi, na kila nikimpigia yuko msibani. Ukoo ule sijui umebakiwa na nani.

Sasa angalia rula ile ilifanya nini. Kwenye ramani, mstari wako unatoka Mombasa, unakatiza Kongo, unapita jirani na Accra, unavuka Atlantiki, unagusa Miami, kisha unafika Los Angeles. Umenyooka kabisa. Lakini ulichochora hapo ni njia ya mtu anayeshika digrii 284 kwenye dira na asiiachie mpaka afike. Kushika digrii moja juu ya dunia ya mviringo kunataka usukani uwe unapindwa kidogo kidogo safari nzima. Nahodha ana usukani. Wimbi la redio halina. Likishatoka kwenye antena linakwenda moja kwa moja juu ya mgongo wa dunia, yaani linafuata duara kuu, lile duara ambalo lingeikata dunia katikati likagawa nusu mbili sawa.

Basi wimbi linaloondoka Mombasa kwa 284 linapita vilevile karibu na Accra, lakini halipandi kwenda Miami. Linafika latitudo ya karibu 15 Kaskazini juu ya bahari ya Karibi, hapo ndipo mwisho wake wa kupanda, kisha linaanza kushuka juu ya Honduras na kutokomea Pasifiki. Los Angeles iko latitudo 34. Halifiki huko hata ulipe nguvu za KPLC nzima. Kile Kihispania kilikuwa kinaniambia ukweli kila jioni, mimi nikawa nalaumu hewa.

Uelekeo wenyewe hasa ni digrii 328. Tofauti yake na 284 ni digrii 44, na Yagi ya vijiti vitatu huona vizuri kama digrii 30 tu kila upande. Kwa hiyo hata ukingo wa antena hauigusi Los Angeles. Na ile njia ya rula ina urefu wa kilomita 17,100 hivi, ilhali ya duara kuu ni kama 16,000. Iliyonyooka kwenye karatasi ndiyo ndefu.

Mimi niliamini siku niliyokwenda kumchukua mwanangu shuleni nikakuta tufe juu ya meza ya mwalimu. Nikaomba uzi wa kushonea, nikabana ncha moja Mombasa na nyingine Los Angeles, nikavuta mpaka ukakaza. Uzi haukukaribia Accra. Ulipanda Libya, ukapita pale Tunis, ukaingia Ufaransa upande wa Bordeaux, ukapita kusini kidogo ya ncha ya Greenland, ukakata Ghuba ya Hudson, ndipo ukateremkia California. Nikaulegeza nikaukaza tena, ukarudi palepale. Mwalimu alidhani nina matatizo nyumbani.

Hapo ndipo penye ndege yako. Haikwepi kitu, uzi wake ndio umekazwa hivyo. Nairobi hadi New York kwa duara kuu ni kilomita 11,840 hivi, na uzi unapita juu ya Aljeria na Moroko. Rula kwenye ramani ingekupitisha Burkina Faso na Mauritania, kilomita kama 350 zaidi. Rubani anaanza safari akielekea digrii 312 na anafika akielekea 257, bila kupinda kona yoyote. Ni kaskazini ndiyo inayobadilika pembeni yake kadiri anavyosonga. Siku kwa siku wanasogea huku na huku kwa sababu ya upepo na anga zilizofungwa, ila umbo la msingi ni hilo.

Upinde unatoka kwenye karatasi. Ramani ya ukutani kama yako ni ya mtindo wa Mercator, mchora ramani aliyeitoa yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mstari ulionyoka uwe digrii moja ya dira. Kulipata hilo ilibidi aivute dunia kila inavyokaribia ncha. Ukifika latitudo 60, kila kitu kimevutwa mara mbili. Ndiyo maana njia ya karibu na Greenland inaonekana ni mzunguko wa mlevi, kumbe kilomita zake pale juu zimetanuliwa. Simlaumu Mercator, alitengeneza kitu cha dira na dira inamshukuru. Namlaumu aliyeweka rula.

Sisi wa Mombasa tunadanganyika kirahisi kwa sababu karibu kila tunakokwenda njia mbili hizi zinalingana. Ukifuata ikweta au ukienda kaskazini tupu hazitofautiani, na safari fupi kama ya Unguja tofauti yake huioni. Hata kibla chetu ni kaskazini karibu kamili, maana Makka iko juu yetu kwa longitudo ileile, hivyo rula na uzi vinatoa jibu moja. Mtu akikulia hapa anaweza kuzeeka na rula yake akajiita bingwa.

Kwa hiyo tafuta tufe na uzi. Ukikosa tufe, fungua Google Earth Pro ya kompyuta, chukua Ruler, vuta kutoka paa lako hadi Los Angeles, usome Heading. Ikikupa kitu cha karibu na 328, huo ndio uelekeo. Ikikupa 284, umebonyeza vibaya au mzee yule amehamia Kisauni.

Na hiyo 328 nayo usiichomelee. Ifunge kwa bolti za U. Chumvi ya hapa itazila, sawa, lakini bolti iliyoliwa huondolewa kwa spana na mafuta kidogo. Kilichochomelewa kinataka grainda, mtu wa kushika mlingoti, mtu wa kushika ngazi, na jirani wa kulalamikia cheche.