42 kutoa 17: jinsi ninavyopanga upya karatasi ya zoezi kwa mtoto mwenye diskalkulia

Zoezi la kutoa kwa kukopa la Darasa la Tatu kwa kawaida linakuja hivi: hesabu 20 kwenye ukurasa mmoja, zimepangwa wima safu nne, herufi ndogo, na nafasi ya kuandikia jibu tu. Watoto wengi wanaliweza. Ila nina mwanafunzi hapa Ujiji anayesoma hadithi vizuri kuliko nusu ya darasa, anaeleza mambo kwa ufasaha, na karatasi hiyo ikimfikia anainamia dawati mpaka kengele inalia. Akiandika, 42 kutoa 17 kwake ni 35.

Walimu wenzangu, jibu hilo la 35 msilipige mkasi tu mkapita. Nilipomuuliza kalipataje, alinijibu, "Mwalimu, mbili huwezi kutoa saba, kwa hiyo nimetoa mbili kwenye saba." Saba kutoa mbili, tano. Nne kutoa moja, tatu. Kila hatua yake ina hesabu sahihi ndani yake. Kinachokosekana ni kwamba 42 kwake si kitu kimoja chenye wingi wake. Ni tarakimu mbili zilizosimama jirani, kila moja na mambo yake.

Kosa hili peke yake halitoshi kusema mtoto ana diskalkulia, kwa sababu wengi hulifanya wanapoanza kujifunza kukopa. Kwa huyu niliona na mengine. Nikimwagia mise nne, zile kokwa za michikichi, mezani, anazigusa moja moja kuanzia mwanzo, wakati wenzake wanatazama tu na kusema nne. Nikiongeza moja anarudi kuhesabu zote tena. Alikuwa hivyo Darasa la Kwanza na la Pili, na hajawa mtoro. Diskalkulia ni hiyo: ugumu wa kudumu wa kuhisi wingi wa vitu na kuuhusisha na tarakimu, kwa mtoto ambaye kwingine akili yake inafanya kazi sawasawa. Watafiti wengi wanakadiria kwamba inawapata watoto kati ya 3 na 7 katika kila 100, maana yake darasa la watoto 70 laweza kuwa nao wawili mpaka watano. Mimi ni mwalimu, sitoi cheti cha mtu. Macho na masikio yapimwe kwanza, na kama kuna mtaalamu wa elimu maalumu karibu, amwone. Lakini kupanga upya karatasi hakusubiri cheti.

Nianze na vitu vya kushika, maana karatasi mpya nimeichora kutokana navyo.

Kwa kukopa natumia njiti za chelewa, zile za ufagio, zilizokatwa urefu wa kidole. Mtoto mwenyewe anahesabu kumi na kuzifunga kwa uzi wa bluu. Kufunga ni kazi yake, nisimfungie mimi, kwa sababu anatakiwa awe na hakika kwamba ndani ya fungu mna kumi. Nikimletea mafungu yaliyofungwa tayari, anayahesabu upya njiti kwa njiti kila anapoyashika, na somo zima linaishia hapo. Akihesabu upya hata fungu alilolifunga mwenyewe, simkatazi. Namwacha afungue, ahesabu, afunge tena. Siku ataliamini, ataacha.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie abakasi iliyopo shuleni, au sarafu. Kwenye abakasi, kete moja ya makumi ni sawa kwa ukubwa na kete moja ya mamoja, na mtoto anatakiwa akumbuke kwamba ile ina thamani ya kumi. Sarafu ya shilingi 100 nayo haifunguki ukaona shilingi kumi kumi ndani yake. Mtoto ambaye shida yake ni hiyohiyo ya kuuona wingi, tunampa kitu kinachouficha. Fungu la njiti linafunguka mbele ya macho yake. Sarafu zitakuja baadaye, na ni muhimu, maana sokoni atakwenda.

Basi 42 kutoa 17 inakwenda hivi. Mezani anapanga 42 tu: mafungu manne upande wa kushoto, njiti mbili upande wa kulia. Asipange 17. Hili linakosewa sana: mwalimu anamwambia mtoto apange namba zote mbili, mezani panakuwa na njiti 59, na mtoto hajui tena kipi kinatoka wapi. Hiyo 17 iko ndani ya 42, ndimo inamotolewa.

Tunaanza na mamoja. Anatakiwa atoe njiti saba, na zilizopo huru ni mbili. Hapo nanyamaza. Mara nyingi mtoto atanitazama, kisha atayatazama mafungu, na mkono utaenda wenyewe kwenye uzi. Anafungua fungu moja, na njiti zake kumi anazisogeza kulia. Sasa ana mafungu matatu na njiti huru 12. Kabla ya kutoa chochote namuuliza, "Mezani zimebaki ngapi zote?" Usiliruke swali hili. Akijibu 42 bila kuhesabu, amekwisha kuelewa kukopa, kwa sababu amejua kwamba kufungua fungu hakukuongeza wala hakukupunguza kitu. Akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, bado tuna kazi, na hesabu inayofuata iwe ileile ya aina hiyo. Kisha anatoa saba kwenye 12, zinabaki tano. Anatoa fungu moja kwenye matatu, yanabaki mawili. Ni 25.

Hapo kwenye 12 kutoa saba ndipo wengi hukwama tena. Kwa hilo nina trei ya mayai. Trei kamili ina matundu 30, matano kwa sita. Ikate kila baada ya mistari miwili ya matundu matano, utapata vipande vitatu vya matundu kumi kumi. Mise moja kwa kila tundu. Mbili zikiondoka, matundu mawili yako wazi, na mtoto anaziona nane bila kuhesabu kuanzia moja. Mise ninazo bure, kwa sababu bibi yake anakamua mawese, aliniletea mfuko mzima. Mezani zikiwa huru zinabingirika ovyo, kwa hiyo nje ya trei sizitumii.

Sasa karatasi. Katika hesabu 20 nachagua nne. Sichukui nne za kwanza, kwa sababu vitabu vingi huanza na nyepesi, na sitaki kumpa mtoto huyu zoezi jepesi. Nataka alifanye lilelile la wenzake kwa uchache. Mwanzoni hizo nne zote ziwe za kukopa, na zote za kutoa, maana alama ya kujumlisha ikichanganyika humo ataipita bila kuiona. Akishazoea, katika nne naweka moja isiyohitaji kukopa, kwa mfano 38 kutoa 15. Hiyo inanionyesha kama anaamua mwenyewe au anafungua fungu kwa mazoea tu.

Karatasi ya A4 naigawa mara mbili kwa mstari mnene: hesabu mbili mbele, mbili nyuma. Kila hesabu ina vyumba viwili. Kulia kuna namba zenyewe, kubwa, zimeandikwa kwa maka ndani ya miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, ili makumi yakae chini ya makumi. Safu ya makumi ni ya bluu kama uzi wa mafungu. Ukipiga fotokopi ya rangi nyeusi bluu hiyo inapotea, kwa hiyo naipaka kwa mkono baadaye, dakika chache tu. Kushoto kuna chumba cha kuchorea, na 42 nimeshaichora: mistari minne mirefu na nukta mbili. Mstari ni fungu, nukta ni njiti. Mtoto anakata mstari mmoja, anachora nukta kumi kwa safu mbili za tano tano kama trei, kisha anakata nukta saba na mstari mmoja mwingine.

Mchoro uwe wa vitu vilevile alivyovishika. Nimeona karatasi za kuvutia zimejaa picha za samaki na mitumbwi pembeni ya kila hesabu, na mtoto anahesabu samaki ambao hawahusiki. Picha isiyobeba wingi wa namba iondoke kwenye ukurasa.

Hatua hizi haziendi kwa ratiba, zinaenda kwa dalili. Mwanzoni anafanya kwa njiti, mimi nachora. Halafu anafanya kwa njiti na kuchora mwenyewe. Nikiona ameanza kuchora kabla hajagusa njiti, na jibu ni sahihi, naziweka njiti pembeni lakini zibaki mezani. Baadaye chumba cha kuchorea nakiacha kitupu. Mchoro ndio unaokaa kwa muda mrefu kuliko vyote, na mwache aendelee nao hata kwenye mtihani wa darasani, kwenye nafasi ya kukokotolea. Akirudi kwenye makosa ya 35, rudi hatua moja tu, usirudi mwanzo.

Alama nazitoa kwa nne. Akipata nne kati ya nne, amepata zote, kama mwenzake aliyepata 20 kati ya 20, kwa sababu alichopimwa ni kilekile. Na njiti naziweka kwenye kila meza, kwa yeyote anayezitaka, asionekane yeye tu ndiye mwenye vijiti.

Kuna ambacho karatasi hii haikifanyi. Haitamfanya akumbuke kichwani kwamba 12 kutoa saba ni tano. Anaweza kuipata vizuri leo na kesho akaitafuta upya, na ndivyo hali hii ilivyo, si uzembe. Pia sifuri itamsumbua upya. 50 kutoa 23 inampa mafungu matano na upande wa kulia mtupu, na ataandika tatu kwa sababu "sifuri kutoa tatu ni tatu". Mpangie hesabu za namna hiyo kwenye karatasi yake ya peke yake, na njiti zirudi mezani hata kama alikwisha kuziacha. Namba za mamia zikija atahitaji mafungu kumi yafungwe pamoja kuwa fungu kubwa. Kwa mzazi anayetaka kuanza nyumbani jioni ya leo, njiti 50 za chelewa na uzi zinatosha, hesabu mbili tu, na saa iwe mbali na meza.