Mstari wa T² usiopita sifuri

"Katika jaribio la pendulamu, grafu yangu ya T², yaani mraba wa muda wa mbembeo mmoja, dhidi ya L, urefu wa uzi, inakata mhimili wa T² kwenye 0.05. Mwenzangu anasema niulazimishe mstari upite sifuri. Ni sawa?"

Hapana, uache ulivyo. Nahisi uzi umeupima hadi kwenye fundo lililo juu ya tufe, ilhali urefu unaotakiwa unafika katikati ya tufe. Kila L imepungukiwa kiasi kilekile, kwa hiyo mstari umepanda wote bila mteremko kubadilika, na g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, inatoka kwenye mteremko. Kama mteremko wako ni 4.03, g = 4π²/4.03, yaani 9.80 m/s². Gawa 0.05 kwa 4.03 upate mita 0.012, yaani sentimita 1.2, kisha pima nusu kipenyo cha tufe uone kama vinakaribiana. Ukiulazimisha, mteremko utaongezeka na g itashuka.

– Mimi nilipata g ya 10.9. Labda tufe langu lilikuwa zito mno.

Uzito hauhusiki hapo. Ulisema "moja" ulipobonyeza saa? Basi ulipima mibembeo 19 ukagawa kwa 20. Anza na "sifuri", tufe likipita pale chini kabisa.

– Nakumbuka nilianza na sifuri, ila nitarudia.